Wifi yangu mjamzito kanyimwa diklopa, halafu kanyimwa na panadoli. Muuzaji yuko sawa?

#1 BintiKonde

Assalaam alaikum. Naandika nikiwa na hasira, nanyi mtaniambia kama ni ya haki.

Jana baada ya alasiri nilimsindikiza wifi yangu, mke wa kaka, duka la dawa hapa Wete. Ana mimba ya wiki 30. Homa ilimwanza juzi usiku, viungo vyote vinamuuma, kiuno ndo zaidi. Nilikuwa nimemshika mkono, kwa hiyo mazungumzo yao nimeyakumbuka karibu yote.

Wifi: Kaka'angu, nipatie diklopa kumi.

Muuzaji: Za nani, dada?

Wifi: Zangu mwenyewe. Nina homa na mwili wote unauma. Mwaka jana nilizimeza nikapata nafuu siku ile ile.

Muuzaji: Mwaka jana ulikuwa na mimba?

Wifi: Sikuwa nayo.

Muuzaji: Na hii sasa ina muda gani?

Wifi: Wiki thelathini. Kadi yangu hii.

Muuzaji: Basi diklopa sikupi, dada. Ndani yake mna diklofenaki, na mimba iliyofika hapo haiitaki. Hata kama unazo nyumbani ziache. Dawa yako ya homa ni panadoli. Lakini kwanza niambie, tokea asubuhi umemeza nini?

Wifi: Panadoli mbili, alfajiri.

Muuzaji: Basi?

Wifi: Saa nne mama mkwe akanipa vidonge viwili vya mafua. Saa saba nikameza panadoli mbili tena. Saa tisa mume wangu akaniletea zile za pakiti nyekundu, nikameza mbili.

Muuzaji: Pakiti ya vile vya mafua unayo?

Wifi akaitoa mkobani. Jamaa akaigeuza nyuma, akasoma, akahesabu kwa vidole.

Muuzaji: Dada, hapo ulipo umeshameza nane. Leo sikuuzii hata panadoli. Usiongeze kitu mpaka alfajiri ya kesho.

Wifi: Na homa hii nilale nayo?

Muuzaji: Usilale nayo, nenda spitali sasa hivi. Ulisafiri karibuni?

Wifi: Tulikwenda Tanga harusini. Tumerudi siku kumi na mbili leo.

Muuzaji: Na haja ndogo?

Wifi: Naenda kila saa, lakini si ndo mimba hiyo?

Muuzaji: Mtoto anacheza?

Wifi: Anacheza, alhamdulillah.

Muuzaji: Basi nenda. Waambie wakupime malaria na mkojo, vyote viwili. Na safari ya Tanga waambie wewe, usingoje kuulizwa.

Tukatoka mikono mitupu. Kaka akasema magharibi imekaribia, tungoje asubuhi. Wifi kalala akitetemeka, mimi nimemfuta kwa kitambaa cha maji usiku kucha. Sasa niambieni, duka la dawa linamkatalia vipi mjamzito mwenye homa dawa zote mbili?

#2 Karafuu77

Huyo kaogopa tu. Siku hizi wakiona tumbo wanatetemeka. Mke wangu kameza brufeni kwenye mimba zote nne na watoto wazima, mmoja yuko darasa la sita.

#3 MamaSalha

Pole sana dada. Mimi nilipomzaa Salha nilimeza brufeni wiki nzima kwa maumivu ya mshono na nilikuwa nanyonyesha. Daktari mwenyewe ndo aliyeniandikia. Kwa hiyo si kweli kuwa haifai.

#4 UkhtyMchangani

MamaSalha, wewe ulikuwa umeshajifungua. Wifi wa BintiKonde mtoto bado yumo tumboni.

#5 FundiDawa

BintiKonde, pole. Mimi ni mfamasia, nipo Unguja. Kabla ya yote: kama hamjaenda spitali, acheni kusoma hapa mwende. Mengine tutayaongea mkirudi.

Muuzaji wenu kafanya kazi yake vizuri kuliko wengi niliowaona. UkhtyMchangani kasema kweli, kunyonyesha ni jambo jengine. Brufeni inayoingia kwenye maziwa ni kidogo mno na mtoto ameshaanza kuvuta hewa mwenyewe. Tumboni mambo ni tofauti. Mtoto havuti hewa, kwa hiyo damu haina sababu ya kupita kwa wingi mapafuni. Karibu na moyo wake pana mshipa mfupi wa njia ya mkato, unaipitisha damu pembeni ya mapafu. Mshipa huo unabaki wazi kwa sababu ya kemikali inayotengenezwa mwilini, na kemikali hiyo ni katika zile zile zinazotuletea homa na maumivu. Brufeni, diklofenaki na aspirini ya kutuliza maumivu zinaizima. Mama anapata nafuu ya kiuno, na kule ndani mshipa wa mtoto unaanza kujifunga kabla ya siku zake.

Ndo maana aliuliza mimba ina muda gani kabla ya kumjibu. Kwa wiki 30 hilo si jambo la kubahatisha.

#6 Karafuu77

FundiDawa nakuheshimu, lakini hujanijibu. Mbona watoto wangu wanne wazima?

#7 FundiDawa

Karafuu77, mkeo alimeza mwezi wa ngapi, na siku ngapi? Kidonge kimoja cha mwezi wa tatu na vidonge vya siku tano za mwezi wa nane si kitu kimoja. Siwezi kukwambia watoto wako walikuwa hatarini bila kujua hilo. Nnachokwambia ni kuwa mshipa ule hauonekani kwa macho, na mama hahisi chochote ukianza kujifunga.

#8 Karafuu77

Nimemuuliza. Kasema ni miezi ya mwanzo, meno yalikuwa yanamsumbua. Mwisho mwisho hakumeza.

#9 ShamsaB

Mimi yalinikuta, na sijawahi kuyasimulia. Mimba yangu ya pili, wiki 33, jino la nyuma lilinivimba. Kuna mahali nilikwenda wakanipa diklofenaki za siku tano bila kuniuliza kitu, nami nilikuwa nimevaa baibui pana, labda hawakuona. Nikazimeza zote. Siku ya sita nikaenda kupigwa picha ya kawaida, yule dada wa kipimo akanyamaza muda mrefu, akanambia maji ya mtoto yamepungua sana. Daktari alipojua nilichomeza akaniambia niache hapo hapo na nirudi baada ya siku chache. Niliporudi maji yalikuwa yameanza kupanda. Mwanangu yuko salama, ana miaka mitatu. Lakini siku zile sikulala. Nilikaa nimeweka mkono tumboni nahesabu anavyocheza.

FundiDawa, umetaja mshipa wa moyo. Kwa nini kwangu yalikuwa maji?

#10 FundiDawa

ShamsaB, pole kwa siku zile. Ni dawa ile ile ila imegusa pahala pengine. Maji anayoelea mtoto, mimba ikishafika nusu, kwa sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe. Dawa hizi zinapunguza damu inayokwenda kwenye figo zake, anakojoa kidogo, maji yanashuka. Mara nyingi ukiacha dawa yanarudi, kama yalivyorudi kwako. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuanzia wiki ya 20 kwa sababu hiyo hasa. Kabla yake wengi tulifundishwa kuanzia wiki ya 28 au 30, kwa sababu ya mshipa. Ndo maana mtasikia wauzaji wawili wakitaja wiki tofauti.

#11 MpembaWaMkoani

Niongeze kitu. Aspirini ni sumu kwa mjamzito, hilo liko wazi. Mwenye kadi ya kliniki asiiguse kabisa, kubwa wala ndogo.

#12 BabaTwaha

Mpemba, hapo utawatia watu hofu. Mke wangu mimba ya kwanza alipata kifafa cha mimba, tukakaribia kuwapoteza wote wawili. Mimba hii, kliniki wenyewe wamempa aspirini ndogo tokea mwezi wa tatu, kidonge kimoja kila usiku. Jirani akamwambia maneno kama yako, akaacha wiki mbili bila kuniambia. Alipohudhuria kliniki akagombezwa vibaya.

#13 MpembaWaMkoani

BabaTwaha, sikujua hilo. Nilisoma kwenye pakiti tu. Mola amlinde.

#14 FundiDawa

BabaTwaha yuko sawa, na Mpemba ana nusu ya ukweli. Aspirini ya kutuliza maumivu ni miligramu 300 na zaidi, tena mtu anarudia mara kadhaa kwa siku. Ile ya kuzuia kifafa cha mimba ni 75 mpaka 150 kwa siku. Kipimo kidogo hicho hakigusi mshipa ule kwa namna ya kutisha. Aliyeandikiwa asiache kwa maneno ya mtaani, na asiyeandikiwa asianze kwa maneno ya humu.

#15 BintiKonde

Tumekwenda. Nipo nje ya wodi naandika. Joto 38.9. Kipimo cha kidole cha malaria kimeonesha hana. Mkojo wamechukua. Lakini bado nina dukuduku na lile la pili. Diklopa nimeielewa. Panadoli kwa nini alimnyima, na mwenyewe alisema ndo dawa yake?

#16 UkhtyMchangani

Hesabu ulizotuandikia mwenyewe ndo jibu, dada. Alfajiri mbili, saa nne mbili, saa saba mbili, saa tisa mbili. Nane.

#17 Karafuu77

Panadoli ni nne. Mbili za mafua na mbili nyekundu si panadoli za kawaida.

#18 FundiDawa

Hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa, Karafuu77. Vile vya mafua vingi vina parasetamoli ndani, wameichanganya na dawa ya kukausha pua. Na ile pakiti nyekundu ni parasetamoli 500 ile ile, wameongeza kafeini. Majina matatu mdomoni, dawa moja tumboni. Ndo maana muuzaji aliomba pakiti, akaisoma nyuma. Mbele pameandikwa mafua, nyuma pameandikwa ukweli.

Mtu mzima anaweza kumeza mbili za 500, akangoja saa sita, akameza tena. Kwa siku nzima, yaani tokea kidonge cha mwanzo mpaka saa ile ile kesho yake, zisizidi nane. Wifi yako nane kazimaliza kwa saa kumi, tena mara mbili za mwisho zimefuatana kwa saa mbili tu. Ukimuuzia tena saa kumi na moja jioni, usiku atameza mbili na alfajiri bado hajafika.

Mwenye mwili mdogo, chini ya kilo 50, tunampunguzia. Kadi yake inasemaje uzito?

#19 BintiKonde

Kilo 52, ya mwezi huu.

#20 FundiDawa

Na hapo mimba imo. Kilo zake mwenyewe ni chini ya hizo. Nafikiri muuzaji aliliona alipoiangalia kadi.

#21 MamaSalha

Jamani, sasa ini lake? Nimesikia panadoli zikizidi ini linakufa!

#22 FundiDawa

Tulia mama. Nane ni ukingo, hajaanguka. Kama alisimama hapo mpaka alfajiri hakuna ninachokihofia. Angekuwa ameshameza kumi na mbili au kumi na tano, ningemwambia aende spitali hata kama anacheka, kwa sababu ini linapoharibika kwa panadoli siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu au asihisi kitu. Dalili zenyewe zinakuja siku ya pili au ya tatu, na dawa ya kuliokoa inafanya kazi vizuri ikiwahi.

#23 Jahazi_la_Tanga

Swali la pembeni. Rais wa Marekani Septemba 2025 alisema panadoli kwa wajawazito inaleta usonji. Mke wangu tokea siku ile hataki kuigusa, homa ikimpata anavumilia. Mnasemaje?

#24 FundiDawa

Hilo limeniletea wateja wengi dukani. Baada ya tangazo lile Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna ushahidi unaokubaliana juu ya hilo. Kuna utafiti mkubwa wa Sweden wa 2024, watoto zaidi ya milioni mbili. Walipolinganisha watoto wa mama mmoja, huyu mama alimeza na huyu hakumeza, tofauti haikuonekana. Utafiti mwengine wa nyuma uliona uhusiano kidogo, lakini mama anayemeza panadoli mara nyingi ni mama aliyekuwa mgonjwa mara nyingi, na kuvitenganisha viwili hivyo ni kazi.

Jahazi, kuvumilia homa si salama. Homa kali yenyewe inamsumbua mtoto, na inaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati. Ameze kidogo inavyotosha, kwa siku chache inavyowezekana, na atafutwe chanzo.

#25 Jahazi_la_Tanga

Nitamsomea. Sijui kama atakubali, hofu ikishaingia haitoki kwa maneno. Shukran.

#26 MkungaWaZamani

Mwanangu BintiKonde, mimi nimekaa wodi ya wazazi miaka thelathini na kidogo. Dawa mmezijadili vya kutosha. Hujatueleza kiuno kinauma wapi. Chini kabisa, pale mimba inapoelemea? Au juu, chini ya mbavu, upande mmoja, ukimgonga kidogo kwa ngumi anaruka? Mjamzito mwenye homa, mtetemeko na maumivu ya pale juu, mimi kwanza nawaza figo. Na ile "naenda kila saa, si ndo mimba" wameniambia wanawake wengi sana. Mimba inampeleka mtu chooni kila saa, kweli. Haimpi homa.

#27 ShehiaYetu

Bibi kwa heshima yako, mimi najitolea kwenye mambo ya afya shehiani kwetu na mimi nawaza malaria kwanza. Huku visiwani imepungua sana, hata watu wamesahau sura yake, lakini tunaowakuta nayo wengi wametoka bara. Huyu karudi Tanga siku kumi na mbili. Malaria ukiumwa na mbu leo, homa inakuja wiki moja mpaka mbili baadaye. Inakaa pale pale. Na kipimo kimoja kisiwatulize. Kwa mjamzito vijidudu vinaweza kujificha kwenye kondo la nyuma, kidole kisioneshe. Warudie kesho, na waangalie kwa hadubini.

#28 Karafuu77

Hili mmelisema vizuri. Kwa nini basi muuzaji asimpe dawa ya mseto akaanza? Kila mtu kwao ana nusu dozi iliyobaki.

#29 ShehiaYetu

Karafuu77, hiyo nusu dozi ndo tatizo letu kila siku. Kwanza hatujui kama ni malaria. Pili, dozi ya huku wengi wanapewa pamoja na primakwini, ile ya kuzuia mbu asiambukize mwengine. Mjamzito hapewi hiyo. Ukimpa mabaki ya mumewe, umempa na isiyo yake. Akikutwa nayo atapewa mseto wa mjamzito, siku hizi hata mimba changa wanaruhusiwa baadhi ya miseto. Halafu sisi tutakuja nyumbani kuwapima wote waliolala naye nyumba moja, msishangae.

#30 PwaniMchangani

Mnasahau kidingapopo. Dar 2019 iliwalaza watu wengi, homa na viungo kuuma hivyo hivyo, na malaria haonekani. Na kidingapopo ukimeza diklofenaki au brufeni unaweza kutoka damu. Kwa hiyo hata asingekuwa na mimba, ile diklopa isingekuwa salama kabla ya kupimwa.

#31 FundiDawa

Pwani, umesema kitu nilichosahau. Ni kweli.

#32 MpembaWaMkoani

Mama yangu kasoma uzi huu begani mwangu. Anasema hili ni chango, achemshiwe mwarobaini anywe asubuhi na jioni, na achuliwe tumbo.

#33 MkungaWaZamani

Mwambie mama salamu zangu, tena mwambie aniwie radhi. Mwarobaini kwa mwenye mimba sikubali. Kwa wanyama umeshaonekana kuharibu mimba, na uchungu wake ule si wa bure. Kuchuliwa tumbo la wiki 30 pia sikubali, kondo linaweza kubanduka. Akitaka kumsaidia, ampikie uji mwepesi, ampe madafu, amfute kwa maji ya uvuguvugu, si ya baridi. Ya baridi yanamtetemesha na joto linazidi.

#34 BintiKonde

Bibi, usiku ule nilimfuta kwa maji ya mtungini ya baridi. Alitetemeka sana. Sikujua.

#35 MkungaWaZamani

Ulikesha naye mwanangu. Hilo ndo aliloliona yeye. Upande gani kiuno?

#36 UkhtyMchangani

Wakati tunamngoja: zile dawa za kupaka mgongoni je? Mimi nina mimba ya miezi sita na mgongo unaniua. Nina jeli ya diklofenaki na ile krimu inayonukia kama bigijii.

#37 PwaniMchangani

Ya kupaka haina shida, haiingii damuni.

#38 FundiDawa

Inaingia, ila kidogo. Jeli ya diklofenaki mimi simpi mjamzito aliyepita wiki 20, ingawa wapo wenzangu wanaoruhusu kidogo kwa pahala padogo. Hiyo yenye harufu ya bigijii ina ndugu wa aspirini ndani yake, ukiipaka mgongo mzima kila siku nisingependa. Kitambaa cha maji ya moto mgongoni na mto katikati ya magoti ukilala ubavu vinasaidia zaidi ya unavyofikiri.

#39 PwaniMchangani

Mimi bado naona kupaka kidogo si neno. Daktari wa dada yangu alimruhusu.

#40 BintiKonde

Nimerudi, samahani kwa kuchelewa, ni siku ya tatu leo. Nawapa habari kama nilivyozipata.

Kipimo cha malaria kimerudiwa siku ya pili, na cha hadubini pia, hana. Mkojo ulikuwa na usaha. Wamemlaza, wakamchoma sindano ya seftriaksoni kila siku na wakamwekea maji. Panadoli wanampa wao kwa saa zao. Siku ya kwanza homa ilipanda na kushuka, jana usiku ikashuka, leo asubuhi 37.1. Mtoto anacheza sana, nesi kanisikilizisha moyo wake. Bibi, kiuno ni upande wa kulia, juu, chini ya mbavu. Daktari alipomgonga alipiga kelele.

#41 MkungaWaZamani

Alhamdulillah. Kulia ndipo mimba inapoelemea ule mfereji wa mkojo zaidi. Nilitaka kusikia hilo tu.

#42 ShehiaYetu

Namshukuru Mungu. Lakini mimi sitaridhika mapema, bibi. Amekaa Tanga siku ngapi na alilala ndani ya chandarua? Homa ikirudi hata baada ya wiki mbili apimwe tena.

#43 BintiKonde

Siku tano, na chandarua kilikuwa kimoja, wamelala watoto. Na hata madaktari hawakukubaliana. Wa asubuhi kasema figo. Wa jioni kasema usaha ule mdogo wajawazito wengi wanakuwa nao, huenda ni kirusi tu kilichopita chenyewe, lakini hawezi kuacha sindano kwa dhana.

#44 FundiDawa

Walituma mkojo maabara ukaoteshwe vijidudu kabla ya sindano ya kwanza? Hapo ndipo lingejulikana.

#45 BintiKonde

Hawakutuma. Nilipouliza wakasema vichupa vyake vimekwisha.

#46 FundiDawa

Basi anamaliza dozi yote, hata homa ikiwa imekwisha. Na wiki moja au mbili baada ya kumaliza, mkojo upimwe tena, kwa sababu kwa mjamzito unapenda kurudi. Iandikeni tarehe kwenye kadi.

#47 Karafuu77

BintiKonde, na yule muuzaji?

#48 BintiKonde

Nilipita leo nikitoka spitali. Nilimwomba radhi, maana siku ile nilitoka nikiwa nimembetulia mdomo na yeye aliniona. Hakusema mengi. Aliniuliza joto la mgonjwa, kisha akaniuliza zile nyekundu na za mafua bado ziko nyumbani. Nikamwambia zipo, mama mkwe kaziweka kwenye mkebe mmoja na panadoli za kawaida, zote zimetolewa kwenye pakiti zake.

Akanipa bahasha tatu za karatasi na kalamu.